Saa ya Boksi na Mkia wa Mshale Mfupi

Saa ya boksi ni zana rahisi kuliko zote za kufundishia somo la wakati: duara la karatasi ngumu, namba 12, mishale miwili na msumari katikati. Ina kasoro moja ambayo saa ya ukutani haina. Ndani ya saa ya kweli mishale imeunganishwa kwa magurudumu yenye meno, hivyo mrefu ukimaliza mzunguko mzima, mfupi nao huwa umetoka kwenye namba moja na kufika kwenye namba inayofuata. Kwenye saa ya boksi hakuna kinachoiunganisha. Mwalimu anauzungusha mshale mrefu hadi kwenye 6, anauacha mfupi palepale juu ya 7, kisha anawaambia watoto, “Hii ni saa moja na nusu.” Watoto wanaitikia kwa pamoja, na somo linaendelea. Lakini hakuna saa nzima inayoweza kuonyesha mishale ikiwa imekaa hivyo.

Mtoto aliyefundishwa kwa saa ya namna hiyo atafanya vizuri siku hiyo na atakwama wiki inayofuata, akikutana na saa ya kweli ambayo mshale wake mfupi umesimama katikati ya namba mbili. Ataichagua namba yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo andalio la somo la saa linapaswa kuanza na swali moja kabla ya mkasi na gundi: je, mshale mfupi utatembeaje mbele ya watoto?

Sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuna jambo la pili la kupanga. Hesabu yetu ya saa inaanza alfajiri. Huku karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, hivyo mchana una saa kumi na mbili, usiku nao kumi na mbili, na saa moja ya asubuhi ni ile saa ya kwanza kukamilika baada ya mapambazuko. Saa za madukani, kwa upande wake, zimetengenezwa kwa hesabu inayoanza usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita, yaani nusu ya duara. Ndiyo maana mshale mfupi ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja, ukiwa kwenye 12 tunasema saa sita, na ukiwa kwenye 3 tunasema saa tisa. Namba tunayoitamka huwa upande wa pili wa duara, mkabala kabisa na namba inayoonyeshwa.

Mtu mzima hafikirii jambo hili, kwa sababu macho yake yamezoea. Mtoto wa miaka minane anayesoma namba vizuri ana haki ya kuuliza kwa nini mwalimu anaita 7 moja. Kuna walimu wanaowakaririsha watoto jozi zote kumi na mbili, saba ni moja, nane ni mbili, mpaka mwisho. Mimi naona ni kuwabebesha mzigo usio wa lazima, kwa sababu saa yenyewe inaweza kutengenezwa ili iwaonyeshe.

Namna ya kuifanya ionyeshe ni kuupa mshale mfupi mkia. Kata mshale wa saa kama kawaida, wenye kichwa kipana cha kuelekeza, kisha bandika njiti ya ufagio wa chelewa iliyopakwa rangi nyekundu, ianzie kwenye tundu la msumari na ielekee upande wa nyuma. Kichwa kikielekea 7, mkia mwekundu unaelekea 1. Kichwa kikiwa katikati ya 7 na 8, mkia uko katikati ya 1 na 2. Mtoto hajumlishi sita wala hatoi sita, anafuata mkia. Mshale mrefu haupewi mkia, na sababu yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nitaieleza tukifika kwenye makosa ya watoto.

Tuchukue sasa darasa la tatu lenye watoto sitini au zaidi, wamekaa watatu watatu kwenye dawati, na kipindi cha dakika 40. Lengo la kipindi ni moja: mwanafunzi aweze kusoma na kuonyesha saa kamili na nusu saa. Robo na kasorobo ziachwe kwa kipindi kingine. Mwalimu anahitaji saa moja kubwa inayoonekana mpaka dawati la mwisho, saa ndogo moja kwa kila dawati, na saa ya ukutani ya kweli, hata ikiwa ya kuazima na hata betri yake ikiwa imekwisha.

Saa kubwa itoke kwenye boksi lenye mifereji ndani, la sabuni au la mafuta ya kupikia, na iwe na upana wa sentimita 40. Duara la ukubwa huo halihitaji bikari. Funga penseli kwenye uzi, shikilia ncha nyingine kwa msumari, acha sentimita 20 katikati, zungusha. Kwa saa ndogo, kifuniko cha sufuria kinatosha.

Kazi inayoharibika mara nyingi ni kupanga namba. Anayeanza kuandika 1, 2, 3 kwa kukadiria atajikuta amefika 9 na nafasi imebaki ya namba moja tu. Namba zikibanana upande mmoja, mkia wa mshale hautagusa namba sahihi, na zana nzima imepotea. Njia ya uhakika ni kukunja. Chora duara la ukubwa uleule kwenye gazeti, likate, likunje katikati upate nusu duara. Nusu hiyo ikunje mara tatu iliyo sawa, kisha kunja tena katikati. Ukilifungua, mikunjo imeligawa duara vipande kumi na viwili vinavyolingana, na mahali mikunjo yote inapokutana ndipo kati, pa kutoboa tundu la msumari. Lilaze gazeti juu ya boksi, weka alama kila mkunjo unapoishia, ndipo uandike. Anza na 12, 6, 3 na 9, halafu jaza zilizobaki. Namba zote zisimame wima, hata 6 iliyo chini.

Usiandike 5, 10, 15 na nyinginezo za dakika kwenye uso wa saa hii. Watoto wataona namba mbili mahali pamoja wakati kipindi hiki hakihitaji hata moja ya dakika. Siku yake ikifika zitabandikwa kwa vipande vya karatasi.

Mshale mfupi uwe na sentimita 10 kutoka kwenye tundu hadi nchani, na mkia nao uwe kiasi hichohicho. Mshale mrefu uwe na sentimita 15. Ikate mishale kwa kufuata urefu wa ile mifereji ya boksi. Ukikata kwa kukatisha mifereji, mshale utajikunja siku ya pili. Mpake mfupi rangi moja na mrefu rangi nyingine, ila nyekundu ibaki ya mkia peke yake.

Msumari nao una mambo yake. Tundu likiwa pana, mwalimu anaweka saa tatu kasoro, anageuka kuandika ubaoni, na mshale mrefu unaanguka wenyewe kwenye 6. Watoto waliotazama wameshaona saa nyingine kabisa. Dawa ni kandambili iliyochakaa. Kata vipande viwili vya mpira, kila kimoja kikubwa kama sarafu. Chukua msumari mwembamba, upitishe kwenye kipande cha kwanza, kisha mshale mrefu, kisha mfupi, kisha uso wa saa, na mwisho kipande cha pili nyuma, ambamo ncha ya msumari itazama na kujificha isimchome mtoto. Mpira unabana vya kutosha mishale isianguke, lakini unaachia inaposukumwa. Kuijaribu ni rahisi: isimamishe saa wima, weka mshale mrefu kwenye 9, uachie. Ukibaki palepale, saa iko tayari.

Dakika tano za kwanza za kipindi ni za saa ya ukutani. Igeuze watoto waone kile kitufe cha nyuma cha kuzungushia, kisha igeuze tena na uanze kuzungusha taratibu. Waambie wautazame mshale mfupi tu. Mrefu unakwenda mzunguko mzima, mfupi unajikokota kutoka 7 hadi 8. Rudia, na safari hii simama mrefu ukiwa kwenye 6. Uliza mfupi uko wapi. Jibu la watoto, kwamba uko katikati, ndilo msingi wa kila kitakachofuata, na limetoka kwenye saa halisi kabla boksi halijaguswa.

Kisha inakuja saa ya boksi ikiwa na mshale mmoja tu, ule mfupi. Mrefu umeuchomoa tangu ofisini. Jambo hili huwashangaza walimu wengine, lakini lina mantiki. Mshale mfupi peke yake unaweza kukuambia wakati kwa kukadiria. Mrefu peke yake haukuambii kitu, kwa kuwa hujui ni dakika thelathini za saa ipi. Kwa karne kadhaa saa nyingi za mitambo huko Ulaya zilikuwa na mshale wa saa tu. Mshale wa dakika ulienea baada ya Mholanzi Christiaan Huygens kubuni saa ya pendulamu mwaka 1656, mashine ilipokuwa sahihi kiasi cha dakika kuwa na maana. Mtoto naye anaweza kupita njia hiyohiyo.

Weka kichwa cha mshale kwenye 7. Sema kwamba huu ni wakati ambao kengele ya kuingia darasani inakaribia kugongwa. Watoto wanajua kuwa ni saa moja asubuhi. Waelekeze kwenye mkia mwekundu: umegusa ngapi? Umegusa 1. Sogeza hadi 8, hadi 12, hadi 3, na kila mara watoto wataje shughuli ya wakati huo kwanza, ndipo wasome mkia. Mwanafunzi anayejua kwamba jua la utosi ni saa sita ana kipimo chake mwenyewe cha kukagua kama mkia umesomwa vizuri. Halafu weka mshale katikati ya 8 na 9 na uulize: saa mbili imeshapita au bado? Saa tatu imefika? Acha wabishane kidogo. Wakikubaliana kwamba ni saa mbili na kitu, wamepata wazo zito kuliko yote katika somo hili, nalo ni kwamba saa iliyopita ndiyo inayotajwa mpaka nyingine ifike.

Hapo, yapata dakika ya kumi na tano, ndipo mshale mrefu unaporudishwa. Uweke kwenye 12, mfupi kwenye 8, na darasa lisome: saa mbili kamili. Uanze kuuzungusha mrefu upande wa kulia, polepole, huku mkono wako mwingine ukiusukuma mfupi. Waambie watoto wakuzuie kwa kusema “mfupi!” kila wanapoona umeusahau. Usahau kwa makusudi mara moja. Kelele zitakazopigwa zitakueleza nani anafuatilia. Mrefu ukifika 6, umekwenda nusu ya mzunguko, na mfupi umekwenda nusu ya njia kutoka 8 kwenda 9. Mkia uko katikati ya 2 na 3. Saa mbili na nusu. Rudia kwa saa nne na nusu na saa saba na nusu, ukitumia mikono yote miwili kila mara.

Dakika kumi zinazofuata ni za madawati. Kila dawati lina saa ndogo yenye mkia vilevile. Watoto watatu wakae upande mmoja wa saa. Wakikaa kwa kuizunguka, mmoja ataiona juu chini, na 6 yake itakuwa 9. Toboa tundu juu ya 12 na ufunge uzi, ili waishike kwa uzi wakati wa kuinua. Mwalimu anataja wakati, watatu wanapanga kwa kusaidiana, kisha anasema “juu!” na saa zote zinainuliwa kwa pamoja. Kwa kutupa jicho mara moja mwalimu ameshakagua darasa zima.

Jicho hilo linahitaji kujua linachotafuta. Tuseme umetaja saa mbili na nusu asubuhi. Jibu sahihi ni kichwa cha mfupi katikati ya 8 na 9, na mrefu kwenye 6. Madawati yaliyokosea yatakosea kwa njia tatu hivi, na kila moja ina chanzo chake.

Wa kwanza watauweka mfupi juu ya 8 kabisa. Hawa wamesahau kwamba mishale miwili hutembea pamoja. Warudishe kwenye saa ya ukutani, wazungushe kitufe wenyewe, hawatahitaji maelezo mengine.

Wa pili watauweka mfupi katikati ya 2 na 3. Hawajakosea kwa uzembe; wamesoma namba kama zilivyoandikwa, na huenda hivyo ndivyo walivyofundishwa kwenye somo la Kiingereza, ambako saa husomwa kwa kichwa cha mshale. Nchini Kenya, ambako Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza na Kiswahili kina kipindi chake, mtoto hukutana na hesabu hizi mbili ndani ya siku moja. Mwambie wazi kwamba Kiingereza husoma kichwa, Kiswahili husoma mkia, na wakati ni uleule. Sentensi hiyo moja huondoa fumbo ambalo wengine hutembea nalo mpaka sekondari, na walimu wa masomo hayo mawili wanafaa kukubaliana kuisema kwa maneno yaleyale.

Wa tatu ndio wa kuwatazama kwa makini zaidi. Wataweka mfupi mahali sahihi, lakini mrefu wataupeleka kwenye 12. Ukiwauliza, watakuambia kwamba nusu ni 6, na ng’ambo ya 6 ni 12. Wamechukua kanuni ya mkabala, iliyo ya mshale mfupi peke yake, wakaitumia kwenye mshale wa dakika. Kosa hili ni la mtoto mwenye akili aliyefundishwa kanuni bila mpaka wake. Hesabu ya dakika haitofautiani kokote: nusu saa huwa chini kwenye 6, iwe Tanga au London, kwa sababu tofauti yetu ni ya saa sita kamili na haiongezi wala haipunguzi hata dakika moja. Hapa ndipo unapoona faida ya kuunyima mshale mrefu mkia. Mwambie mtoto auangalie mshale mrefu autafute mkia wake. Hauna, basi haugeuzwi.

Dakika tano za mwisho zinatosha kwa saa mbovu. Mwalimu anaonyesha saa tano mfululizo kwenye saa kubwa, na darasa linaamua kila moja ni nzima au ni mbovu. Mrefu kwenye 12 na mfupi kwenye 10: nzima, saa nne kamili. Mrefu kwenye 6 na mfupi juu ya 10 kabisa: mbovu. Mrefu kwenye 12 na mfupi katikati ya 4 na 5: mbovu vilevile, na hii huwakosesha wengi, kwa kuwa hawajazoea kufikiri kwamba saa kamili inaudai mshale mfupi uwe juu ya namba. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini saa ni mbovu ameelewa. Anayeweza kusoma nzima tu, huenda amekariri picha.

Kwenye sehemu ya tathmini ya andalio, andika idadi ya madawati kwa kila aina ya kosa kati ya zile tatu. “Wanafunzi wengi wameelewa” haimsaidii mtu kupanga kipindi kijacho. “Madawati manne yamegeuza mshale mrefu” inamsaidia.

Kipindi hicho kijacho kitakuwa cha robo na kasorobo, na mfano wa kuufanyia kazi ni saa tatu kasorobo asubuhi, kwa sababu una kila mtego. Mshale mrefu uko kwenye 9. Mfupi nao umekaribia 9, hivyo mishale imelaliana karibu pamoja. Mtoto asiye makini ataona mkia unaigusa 3 na kusema “saa tatu na dakika 45.” Ukweli ni kwamba mfupi bado haujafika, umebakiza robo ya safari ya kutoka 8 kwenda 9. Kwenye saa yetu kubwa, yenye mshale wa sentimita 10, pengo hilo ni kama sentimita moja na robo hivi pale nchani. Linaonekana, ila lazima mwalimu aliache. Akiusukuma mfupi mpaka kwenye 9 kwa ajili ya unadhifu, ameshaweka saa mbovu. Waulize watoto: mkia umeigusa 3 au unaikaribia? Unaikaribia, umepungukiwa robo. Hiyo ndiyo saa tatu kasorobo. Maneno yetu yenyewe hutaja saa inayokuja na kusema imepungua kiasi gani, kama mshale unavyofanya.

Mkia usikae milele. Saa ya nyumbani, ya msikitini au ya kanisani haina njiti nyekundu, na mtoto atakayeizoea kupita kiasi atapotea mbele ya hizo. Anza kuuondoa kwenye saa kubwa ya mwalimu, ukiuacha kwenye zile ndogo za madawati, ili anayekwama awe na pa kutazama. Baada ya vipindi kadhaa fupisha njiti za madawati kwa mkasi hadi nusu, kisha zing’oe kabisa. Ukiona darasa linasoma saa isiyo na mkia lakini wengine wanapitisha kidole hewani kutoka 8 kwenda 2, usiwakataze. Kidole hicho kitaacha chenyewe.

Saa zenyewe zihifadhiwe zimelala, ndani ya boksi moja, zisitundikwe ukutani. Saa ya boksi iliyotundikwa muhula mzima ikionyesha saa nne na dakika kumi huwafundisha watoto kwamba saa ni picha.